Homa ya Siku ya Tatu

Jumanne ndiyo siku ya chanjo kwenye zahanati yetu, na kila Jumanne mimi hukaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha sindano. Si mwajiriwa. Zamani nilimsindikiza mjukuu wangu wa kwanza, nesi akaona najua kutuliza watoto wa watu, akaniomba niwe nakuja. Kila mtoto akishachomwa, mama yake lazima akae pale nusu saa kabla ya kwenda nyumbani. Kazi yangu ni kukaa nao hiyo nusu saa na kujibu maswali. Wakanibandika jina la Bibi Benchi, nami nikalipokea.

Baadaye sana nesi alinipa karatasi ya maswali na majibu, nakala iliyotolewa mashine. Mimi kusoma kwangu ni kwa kidole, neno moja baada ya jingine, lakini nikishakisoma kitu hakitoki. Ile karatasi niliijua yote. Foleni ikiwa ndefu nesi alikuwa akiwaambia kina mama, "Maelezo ya nyumbani atakupa Bibi hapo nje." Nilijisikia vizuri sana akisema hivyo. Nakiri.

Jumanne ninayoisimulia walichanjwa watoto thelathini na mmoja. Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu, wiki kumi na nne, tunamwita Bwana Mkubwa kwa jinsi anavyolia kama mtu aliyecheleweshewa chakula hotelini. Mama yake, mke wa mwanangu, alikaa mwishoni mwa benchi. Mwanangu yuko safarini kikazi, kwa hiyo nyumbani tuko sisi watatu tu. Mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, na chanjo hakuwa na imani nayo sana. Alikuja kwa sababu yangu.

"Bibi," akaanza mama mmoja mnene mwenye kitambaa chekundu, "sindano tatu na matone siku moja, huyu kifaranga atavumilia?"

"Huyu kifaranga jana alilamba nini?"

"Kiatu cha baba yake."

"Basi vijidudu vya kwenye kile kiatu ni vingi kuliko vilivyomo kwenye sindano zote tatu. Mwili wake kila siku unapambana na vingi. Hivi vichache anaviweza."

Wakacheka. Mwingine, kijana, akainamisha kichwa na kuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli zinafunga kizazi.

Kabla sijajibu, yule mwenye kitambaa chekundu akadakia, "Mimi nilichanjwa utotoni na nina saba! Mume wangu angesikia zinafunga kizazi, angenipeleka mwenyewe kila wiki."

Benchi zima likaangua kicheko. Nikasubiri wapoe, nikamwambia yule kijana kwamba hakuna kitu ndani yake kinachogusa kizazi, na kwamba waliochanjwa wakiwa wachanga ndio hawa leo wanaoleta watoto wao. Akauliza tena, mbona magonjwa yenyewe hayaonekani? Nikamweleza kwamba mimi niliyaona. Nilikuwa na dada aliyenifuata, surua ikamchukua akiwa na miaka miwili. Hayaonekani kwa sababu watu wanachanja. Wakiacha, yatarudi.

Mkwe wangu ndiye aliyeuliza la homa. Aliuliza bila kunitazama.

"Na homa, Mama? Akipata homa?"

"Homa ni kawaida," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Chanjo inaufundisha mwili kupigana. Askari wakifanya mazoezi lazima vumbi litimke. Mpunguzie nguo, mnyonyeshe mara nyingi, akisumbuka sana mpe ile dawa ya maji kwa kipimo alichokuandikia nesi. Paja likivimba, kitambaa cha maji baridi, usilisugue. Ni mazoezi tu."

"Mafua aliyokuwa nayo tangu Jumapili je?"

"Nesi ameyaona. Mafua madogo hayazuii chanjo."

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jioni ile mtoto akapata joto. Tukampa dawa, akalala. Jumatano asubuhi alikuwa na joto kidogo, nikasema ni mazoezi. Mchana akapoa, nikamtazama mkwe wangu kwa macho ya kusema nilikwambia. Magharibi joto likarudi, na kikohozi kidogo. Nikasema ni mazoezi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa naosha vyombo aliponiita.

"Mama, njoo umwone. Hataki ziwa."

Nikaenda nikiwa na mikono ya povu. Mtoto alikuwa kwenye mapaja yake, macho nusu. Nikamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Alikuwa wa moto kuliko jana.

"Joto linamkatisha hamu. Mpe dawa, subiri jioni."

"Mbona anahema hivi?"

"Watoto wakiwa na joto huhema haraka."

"Mama, mtazame."

"Nimemtazama, mwanangu. Miaka yote hii nawaambia wenzio watulie, leo nyumbani kwangu tuanze kukimbia? Watu watasemaje?"

Ndivyo nilivyosema. Watu watasemaje. Akaninyanyulia macho, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe niliona hasira ndani yake. Akachukua kitambaa, akamfunga mtoto kifuani, akavaa kandambili na kutoka.

Nikamfuata. Nilikuwa hatua kumi nyuma yake, na nilipoharakisha naye aliharakisha. Barabara ile ina vumbi na maduka pande zote, na kila duka lina mtu anayetujua. Fundi cherehani aliinua kichwa akauliza kulikoni.

"Chanjo!" mkwe wangu akasema bila kusimama. "Jumanne wamemchoma mzima, leo hanyonyi!"

Fundi akanitazama mimi. Mwenye kibanda cha mboga akanitazama. Yule mama wa kitambaa chekundu alikuwa pale ananunua vitunguu, akaviacha kwenye mizani.

"Bibi Benchi, hata wako?"

Nilikuwa natazama mgongo wa mkwe wangu, jinsi alivyokuwa anainama kila baada ya hatua chache kuweka sikio karibu na pua ya mtoto, na hapo ndipo woga uliponiingia kweli.

Kwenye zahanati, nesi alituona kutoka mlangoni. Hakuuliza tulipo kwenye foleni. Alimpokea mtoto, akamlaza kwenye kitanda kidogo, akampandisha fulana mpaka kwapani. Mganga mkuu wetu, ambaye wote tunamwita Daktari, akaja na saa yake.

"Kimya, tafadhali," akasema. "Nahesabu pumzi dakika nzima."

Sijawahi kukaa dakika ndefu kama ile. Tumbo dogo lilikuwa linapanda na kushuka upesi, na kila alipovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani. Nilipiga hesabu nami kimoyomoyo nikapotea kwenye arobaini.

"Sitini na sita," Daktari akasema. "Kwa umri wake, hamsini tayari ni nyingi." Akambana kifaa kidogo kwenye kidole gumba cha mguu, akasoma namba ya oksijeni. Nesi alimtoboa kisigino kupima malaria. Hakuwa nayo.

"Anashindwa kunyonya tangu lini?"

"Tangu alfajiri," mkwe wangu akasema. "Na jana usiku alinyonya kidogo sana. Ni chanjo, sivyo? Niambieni tu."

"Nimonia," Daktari akasema. "Tena kali. Oksijeni iko chini. Tunamchoma dozi ya kwanza ya dawa sasa hivi na kumpeleka hospitali, kule wana oksijeni. Nimeshaita gari."

"Jumanne alikuwa mzima!"

"Najua, mama. Nisaidie kumshika mguu."

Alimshika. Nesi akachoma. Mtoto hakulia, na kutolia kule kwa Bwana Mkubwa kulinitisha kuliko kitu chochote. Nesi, akiwa na haraka zote zile, alimsogezea mkwe wangu kiti kwa mguu wake na kumfunika mabega kwa shuka safi, kwa sababu alikuwa anatetemeka. Sikulitilia maanani hilo wakati ule, nimelikumbuka baadaye.

Tulipokuwa tunasubiri gari, nesi akafungua kabati na kutoa fomu ndefu. Daktari akamsogelea.

"Hiyo ya nini sasa hivi?"

"Mtoto amechanjwa Jumanne, Alhamisi analazwa. Hili ni tukio kubwa baada ya chanjo. Wilaya lazima wajue leo."

"Lakini ni nimonia. Nimekuambia."

"Nimekusikia, Daktari."

"Ukiandika, kesho mtaa mzima utasema tumekiri. Umesikia kelele huko nje?"

Kelele zilikuwapo. Watu walikuwa wametufuata mpaka kwenye uzio.

"Hatuandiki kwa sababu chanjo imefanya," nesi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutikisika. "Tunaandika ili wenye kazi hiyo wachunguze kama imefanya au haikufanya. Tukianza kuchagua yapi tuandike, siku chanjo ikiwa na kasoro kweli nani atajua?"

Daktari akasugua macho, kisha akamvutia nesi meza karibu. "Andika. Nitasaini."

Nesi akaanza kuuliza. Chanjo zipi, saa ngapi, paja lipi. Akachukua daftari akanakili namba ya toleo la kila chanjo, zile namba zinazoandikwa kwenye kichupa ili ijulikane kimetoka katika fungu lipi. Homa ilianza lini? Mlimpa nini? Mkwe wangu alijibu yote kwa mkato.

"Homa ilipoendelea, ulipewa ushauri gani?"

Mkwe wangu akanyoosha kidole kwangu.

"Nilimwambia ni kawaida," nikasema. "Kama karatasi inavyosema."

"Siku ya kwanza na ya pili, sawa. Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nini?"

Nesi akaacha kuandika. "Bibi, upande wa pili. Dalili za hatari. Homa ikipita siku mbili, au ikiwa kali sana, au mtoto akishindwa kunyonya, akihema kwa shida, akipata degedege, akilegea, akilia saa nyingi bila kunyamaza, aletwe hapohapo."

Nikatoa karatasi yangu kwenye mfuko wa gauni. Imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Nikaigeuza mbele yake. Nyuma ilikuwa nyeupe.

Nesi akaichukua, akaitazama mbele na nyuma, akatoka kwenda chumba cha sindano. Ile karatasi ya awali ilikuwa imebandikwa ubaoni, mgongo ukiwa umelalia mbao. Nikasikia gundi ikichanika. Akarudi nayo. Upande wa nyuma ulijaa maandishi.

"Nani alipeleka kutoa nakala?" akauliza.

"Mimi," Daktari akasema polepole. "Nilimwambia wa dukani atoe hamsini. Sikumwambia pande mbili."

"Na mimi sikukagua," nesi akasema. "Miezi minane nawaambia kina mama maelezo yako nje kwa Bibi."

Miezi minane. Nilianza kuhesabu Jumanne zake, nikashindwa.

"Andika jina langu hapo," nikasema. "Andika kwamba mama yake alitaka kumleta asubuhi na mimi nikamzuia. Hilo si kosa la karatasi. Aliniambia mtazame, sikumtazama."

Mkwe wangu alikuwa anasikia. Hakugeuka. Gari likapiga honi langoni.

Hospitali walimwekea vijibomba puani na sindano mkononi, wakampiga picha ya kifua, ikaonyesha kile alichosema Daktari. Wodi ya watoto kina mama wanakaa kwenye viti vya plastiki kando ya vitanda. Mimi nilikaa kwenye ukumbi wa nje, kwa sababu mkwe wangu hakuniita ndani. Muuguzi mmoja wa pale alinipitishia kikombe cha chai dirishani bila kuuliza mimi ni nani wa nani.

Siku ya pili, mtoto akiwa bado anahema kwa taabu, alikuja afisa wa chanjo wa wilaya. Mwanamke wa makamo, viatu vyenye vumbi, begi la karatasi begani. Alipita ukumbini, akanisalimia shikamoo, akaniambia niingie naye. Mkwe wangu akamtazama kuanzia viatu.

"Umekuja kulinda chanjo zenu?"

"Nimekuja kujua kilichompata mtoto wako," yule afisa akasema. "Naweza kuketi?"

Hakukuwa na kiti kingine. Akachuchumaa.

"Jana jioni nilikagua friji ya zahanati. Joto lake linaandikwa mara mbili kwa siku na kuna kipimo kinachojirekodi chenyewe. Liko sawa. Vichupa vya toleo lile vilivyobaki nimevitenga, havitumiki mpaka tumalize. Leo tangu asubuhi tumepita nyumba kwa nyumba kwa watoto wote thelathini waliochanjwa na wako."

"Na?"

"Tisa walipata homa, imeisha ndani ya siku mbili. Wanne wamevimba paja. Aliyelazwa ni wako peke yake."

"Mmoja kati ya thelathini na mmoja," mkwe wangu akasema. "Kwako ni kidogo?"

"Hapana. Ndiyo maana sijalala. Wangekuwa wawili au watatu wenye dalili za namna moja, toleo lile ningelisimamisha kila zahanati ya wilaya."

Mkwe wangu akauliza lile ambalo hakuwahi kuniuliza mimi. "Yale mabaya kweli yapo? Au yote ni uvumi?"

"Yapo. Kuna mzio mkali, mtoto anavimba, anakosa pumzi, presha inashuka. Ni nadra mno, kama mmoja hivi katika dozi milioni. Mara nyingi hutokea mapema, ndiyo sababu mnakalishwa nusu saa, na dawa yake iko mezani karibu na nesi. Sitakudanganya kwamba hakuna."

Akauliza kuhusu mafua. Yalianza lini? Kuna mwingine aliyekohoa nyumbani? Nikasema mimi nilikohoa wiki iliyotangulia. Mkwe wangu akasema mafua yalianza Jumapili, na Jumatatu mtoto alikohoa mara mbili. Yule afisa akaandika yote.

"Kwa hiyo si chanjo," mkwe wangu akasema.

"Ninavyoona mimi, nimonia ilikuwa njiani kabla ya Jumanne, na homa ya chanjo ikaifunika. Lakini uamuzi si wangu. Kuna kamati, ina madaktari ambao hawachanji wala hawauzi chanjo. Watasoma kila kitu, na majibu nitakuletea mwenyewe, yawe yoyote. Na kitu kimoja kimeshajulikana bila kamati." Akanitazama, si kwa ukali. "Karatasi mpya zimepelekwa leo, pande mbili. Nesi na Daktari wanawapitia kina mama wote wa miezi minane, mmoja mmoja."

Alipoondoka, mkwe wangu alisema bila kugeuka, "Mama, umekaa wapi tangu jana?"

"Hapo nje."

"Kwenye sakafu?"

"Kuna kipande cha boksi."

Akasogeza kiti chake. Kilitosha mmoja, kwa hiyo tulikuwa tunapokezana.

Jumamosi pumzi zilikuwa hamsini na nane. Jumapili asubuhi arobaini na tisa, na kifua kikaacha kubonyea. Adhuhuri wakamtoa vijibomba wajaribu. Tulikaa tukitazama kile kifaa cha kwenye kidole cha mguu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, namba ikashuka, ikasita, ikapanda, ikakaa. Saa kumi jioni mkwe wangu alimpa ziwa. Akaligeuzia uso. Akampa tena. Akalishika, akavuta mara mbili, akaliachia, kisha akapiga ukelele wa mtu aliyecheleweshewa chakula, wodi nzima ikageuka.

"Mwacheni agombe!" mama wa kitanda cha jirani akasema. "Leo ana haki."

Mkwe wangu alicheka na kulia kwa pamoja. Mtoto akanyonya mpaka jasho likamtoka puani.

Jumatatu tukaambiwa kesho kutwa tutarudi nyumbani. Nilikuwa nakunja nguo.

"Kesho Jumanne, Mama," akasema.

"Siendi. Nani atanisikiliza?"

"Utaenda. Usipoonekana watasema chanjo imemlaza mjukuu wa Bibi Benchi, na yeye amejificha. Waambie ilivyokuwa."

"Na wewe? Ile chanjo ya miezi tisa?"

"Nitasubiri majibu ya yule mama wa wilaya. Yakija vizuri, nitamleta mwenyewe. Na maelezo nitayachukua kwa nesi, si kwenye benchi lako."

"Sawa."

"Kwanza utawaambia nini?"

"Nitawaambia homa ya siku moja mbili ni kawaida, lakini ikipita..."

"Hapana, Mama. Kabla ya hapo."

Nikajua anataka nini. Miaka mingi nimesema mengi, lile sijalizoea. Nikaiweka fulana ndogo niliyokuwa naikunja.

"Nilikosea."

Mtoto alikuwa ananyonya, mkono wake umeshika kola ya mama yake. Mkwe wangu aliinamisha uso akamtazama, kisha akanitazama mimi, na sikuweza kusoma kama amekasirika bado au la.

"Kesho kuna kelele pale nje," akasema. "Hiyo haitasikika. Tena."

Nikasema tena.